Geita na Simiyu hazisomi nikiunganisha faili la mialo na faili la sensa, naomba msaada

BintiKirumba (Jumanne, saa 2 usiku)

Wakuu habari za jioni.

Niko Mwanza, nina kazi ya mkataba ya kuandaa jedwali la mialo ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mwenye kazi anataka kila mkoa uwe na idadi ya watu pembeni, ili aone mialo ya mkoa huo inahudumia watu wangapi.

Faili la mialo nililopewa lina safu ya msimbo wa mkoa, na ndani yake kuna TZ-05, TZ-13, TZ-18, TZ-27 na TZ-30. Faili la watu ni la sensa ya 2012, nalo lina namba za mikoa kuanzia 01 mpaka 25, halafu zinaruka hadi 51 mpaka 55 za Zanzibar. Nilichofanya ni kufuta ile "TZ-", nikabakiza namba tupu, nikaunganisha kwa namba.

Mikoa mitatu imekubali vizuri. Ila 27 na 30, yaani Geita na Simiyu, zimerudi tupu. Naona ni kwa sababu ni mikoa mipya na faili langu la sensa halikuiingiza. Mwenye faili lenye mikoa mipya naomba anitumie, kazi natakiwa kuikabidhi Ijumaa.

Ngosha_Nyegezi (Jumanne, saa 2:20 usiku)

Dada, hiyo mikoa imo. Geita na Simiyu zilianzishwa Machi 2012 na sensa ikafanyika Agosti mwaka huohuo, kwa hiyo matokeo yalitoka yakiwa na mikoa mipya tayari. Tafuta kwa jina utaiona.

Ushauri wangu ni uachane na namba kabisa. Unganisha kwa majina. Mwanza ni Mwanza popote uendapo, namba zinaleta matatizo bure.

Posta_Mkongwe (Jumanne, saa 2:45 usiku)

Sijui hizo 18 na 27 mnazitoa wapi. Mwanza ni 33. Geita 30, Mara 31, Kagera 35, Shinyanga 37, Simiyu 39. Hiyo 3 ya mwanzo ndiyo Kanda ya Ziwa. Msikariri vitu vingine, anwani za makazi zote zinaandikwa hivyo.

Mzee_wa_Sensa (Jumanne, saa 3:30 usiku)

BintiKirumba, kabla hatujaitafuta Geita, nifanyie jambo moja. Niandikie hapa idadi ya watu uliyoipata kwa ile mikoa mitatu iliyokubali.

Posta_Mkongwe, ndugu yangu, namba zako ni sahihi lakini hizo ni za postikodi. Huyu binti hana postikodi kwenye mafaili yake. Tukimwingizia mfumo wa tatu leo atapotea.

BintiKirumba (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Shikamoo mzee. Ni hizi:

Kagera (05) watu 2,218,492
Mara (13) watu 1,370,637
Mwanza (18) watu 2,458,023

Hizo niliziangalia na sikuona tatizo, Mwanza ndiyo inaongoza kama inavyotakiwa.

Mzee_wa_Sensa (Jumanne, saa 4:15 usiku)

Marahaba mwanangu. Kaa vizuri, maana tatizo lako si Geita wala Simiyu. Hizo mbili zilizorudi tupu ndizo zimekuambia ukweli. Zilizokubali ndizo zimekudanganya, zote tatu.

Watu 2,458,023 ni wa Kagera, si wa Mwanza. Hao 2,218,492 ulioweka Kagera ni wa Morogoro. Na hao 1,370,637 ulioweka Mara ni wa Singida. Umepeleka mialo ya Musoma Singida, mkoa ambao haugusi Ziwa Victoria popote.

Sababu ni kwamba umeunganisha mifumo miwili ukidhani ni mmoja. Faili la mialo linatumia ISO 3166-2, kiwango cha kimataifa cha kutaja sehemu za ndani ya nchi. Kwa Tanzania waliipanga mikoa kwa alfabeti: Arusha TZ-01, Dar es Salaam TZ-02, Dodoma TZ-03, na kuendelea hadi Tanga TZ-25. Mikoa iliyozaliwa baadaye haikuweza kuingizwa katikati bila kuvuruga namba za wenzake, ikawekwa mwishoni. Manyara ikawa 26, Geita 27, Katavi 28, Njombe 29, Simiyu 30, Songwe 31.

Faili la sensa linatumia namba za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambazo hazifuati alfabeti. Zinaanza na Dodoma 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03, Tanga 04. Kanda yetu ni Kagera 18, Mwanza 19, Mara 20, Simiyu 24, Geita 25.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mifumo hii miwili inashirikiana namba 01 mpaka 26, ukihesabu na Songwe ambayo kwa takwimu ndiyo 26. Nimezipitia moja moja. Hakuna hata namba moja inayotaja mkoa uleule pande zote mbili. Ungeunganisha nchi nzima ungepata mikoa 26 iliyokubali na yote 26 ingekuwa ya uongo, bila kompyuta kulalamika hata mara moja, kwa sababu kwake 18 na 18 ni sawa.

Na usijilaumu kwa kutoona. Mwanza halisi ya 2012 ilikuwa watu 2,772,509, wewe ukapata 2,458,023. Kagera halisi ni hao 2,458,023, ukapata 2,218,492. Mara halisi 1,743,830, ukapata 1,370,637. Tofauti hizo si za kumshtua mtu. Kama namba ingetoka laki mbili badala ya milioni mbili ungeshtuka. Kosa linalokaribiana na ukweli ndilo linalopita hadi kwenye ripoti.

BintiKirumba (Jumanne, saa 4:30 usiku)

Mzee, nimeangalia upya na ni kweli. Nilikuwa sijaleta safu ya jina kutoka upande wa sensa, nilileta namba ya watu tu. Ningeileta ningeona "Singida" imekaa jirani na "Mara".

Sasa nitengeneze upya vipi?

Mzee_wa_Sensa (Jumanne, saa 5 usiku)

Usifute kitu kwenye msimbo tena. Ile "TZ-" ndiyo inayosema msimbo ni wa mfumo gani, ukiifuta umefuta jina la ukoo. Tengeneza daraja dogo, safu mbili, mkoa mmoja mstari mmoja, na uliandike kwa mkono ukiwa na majina mbele yako. Kwa mikoa mitano ni dakika tatu:

```
daraja = {"TZ-05": "18", "TZ-13": "20", "TZ-18": "19",
          "TZ-27": "25", "TZ-30": "24"}
mialo["mkoa_nbs"] = mialo["mkoa_iso"].map(daraja)
t = mialo.merge(sensa, on="mkoa_nbs", how="left",
                validate="many_to_one", indicator=True)
print(t[["mkoa_jina", "jina_sensa", "_merge"]].drop_duplicates())
```

Mstari wa mwisho ndio wa kukazia macho. Unakuonyesha jina la upande wa mialo na jina la upande wa sensa yakiwa yamekaa pamoja. Majina mawili yakitofautiana, simama hapo. Ile `validate` itakataa kuendelea kama sensa ina mkoa mmoja mara mbili, jambo ambalo lingekuzidishia mialo yako kimyakimya.

Na namba zote ziwe maandishi, si tarakimu za kuhesabu. Eksel ikifungua 05 inaandika 5. Kwa mikoa utavumilia, lakini ukifika wilaya utalia, kwa sababu namba ya wilaya inaanza upya kila mkoa na lazima uibandike nyuma ya namba ya mkoa. Mkoa 1 wilaya 11 inakuwa 111. Mkoa 11 wilaya 1 nayo inakuwa 111. Ukilinda sifuri unapata 0111 na 1101, na hazigongani.

Ngosha_Nyegezi (Jumanne, saa 5:10 usiku)

Si ndiyo nilichosema, tumia majina? Mwisho wa yote mnakagua kwa majina.

Mzee_wa_Sensa (Jumanne, saa 5:25 usiku)

Kwa mikoa, Ngosha, una haki, majina ni machache na yametulia. Lakini shuka wilayani uone. Misungwi utaikuta imeandikwa pia Missungwi. Nyang'hwale ina kile kialama katikati ambacho kwenye faili moja ni cha kunyooka, kwenye lingine kimepinda, kwenye lingine hakipo, na kompyuta inaona wilaya tatu. Geita ni mkoa, ni wilaya, na ni mji. Ukiandika "Mwanza" kwenye orodha ya halmashauri unamaanisha Jiji, ambalo kwenye orodha ya wilaya linaitwa Nyamagana. Jina ni shahidi mzuri wa kukagua, ila usilifanye ufunguo.

Mchora_Ramani (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Naongeza moja kwa anayefanya kazi na ramani za mashirika ya misaada. Kuna misimbo inayosambazwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu. Kwa Tanzania yenyewe imejengwa juu ya namba za takwimu, ila imewekewa TZ mbele. Kwa hiyo TZ18 bila kistari ni Kagera, na TZ-18 yenye kistari ni Mwanza. Kistari hicho kimoja ndicho tofauti yote.

Nimewahi kukuta faili ambalo mtu "alilisafisha" akaondoa vistari vyote. Hapo huwezi kujua tena kwa kuangalia. Njia niliyotumia ni kutafuta TZ27 mpaka TZ31. Zikiwemo, faili ni la ISO, kwa sababu upande wa takwimu hakuna mkoa kati ya 27 na 50. Ukikuta TZ51 mpaka TZ55, ni za takwimu. Faili likiwa na mikoa michache na hakuna hata mmoja kati ya hiyo, rudi kwa aliyekupa umuulize, usibahatishe.

Omena_Kisumu (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Hii kitu si ya Tanzania pekee. Huku Kenya kaunti zina namba rasmi ambazo kila mtu anazijua, Mombasa ni 001 na Kisumu ni 042. ISO nayo imezipanga kwa alfabeti, Kisumu ikawa KE-17. Sasa 017 rasmi ni Makueni, ambako hakuna ziwa. Tulikuwa tunaunganisha data ya omena ya Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, na Makueni ikawa inaongoza kwa samaki. Angalau yetu ilionekana haraka.

Niulize, nyinyi wa Mwanza mna orodha moja ya mialo ya nchi zote tatu yenye msimbo mmoja? Ndiyo shida yangu hasa.

BintiKirumba (Jumatano, saa 10 jioni)

Omena_Kisumu, faili langu ni la upande wa Tanzania tu, samahani kaka.

Mzee, nimefuata daraja lako na mikoa yote mitano imesoma, majina yanalingana pande zote. Asante sana.

Ila mwenye kazi sasa ameomba niongeze na sensa ya 2002 aone ongezeko. Nimeweka, msimbo 19 pande zote mbili, mfumo mmoja wa takwimu, hakuna ISO hapo. Mwanza 2002 ni 2,942,148 na 2012 ni 2,772,509. Watu wamepungua? Na Magu imetoka 416,113 hadi 299,759. Nimekosea wapi tena?

Mzee_wa_Sensa (Jumatano, saa 2 usiku)

Safari hii hujakosea kuunganisha. Msimbo ni uleule, jina ni lilelile, mahali pamebadilika. Hii ni mbaya kuliko ya jana, kwa sababu kukagua majina hakutakusaidia: yataandikwa "Mwanza" na "Mwanza".

Mwanza ya 2002 ilikuwa na wilaya nane: Ukerewe, Magu, Nyamagana, Ilemela, Kwimba, Sengerema, Geita na Misungwi. Mwaka 2012 Geita ikaondoka kwenda kuwa mkoa pamoja na Chato iliyotoka Kagera na Bukombe iliyotoka Shinyanga. Wilaya ya Geita yenyewe ikakatwa, kipande kikawa Nyang'hwale. Bukombe nayo ikakatwa, kipande kikawa Mbogwe. Upande wa mashariki, Magu ikakatwa, kipande kikawa Busega, kikaenda Simiyu.

Tuanze na Magu. Ukilinganisha Magu na Magu unapata upungufu wa asilimia 28, kana kwamba kulikuwa na janga. Lakini Magu ya 2002 ni Magu na Busega za 2012 kwa pamoja. Chukua 299,759 ongeza 203,597 ya Busega, unapata 503,356. Kutoka 416,113 ni ongezeko la asilimia 21. Ndivyo watu wa pale walivyoongezeka.

Fanya hivyohivyo kwa mkoa. Mwanza ya 2012 ni 2,772,509. Irudishie Busega 203,597. Irudishie Geita wilaya 807,619 na Nyang'hwale 148,320. Unapata 3,932,045 ndani ya mipaka ya 2002. Ongezeko ni karibu asilimia 34, badala ya upungufu wa asilimia 6.

Chato, Bukombe na Mbogwe usizirudishe, hazikuwa zako. Hapo ndipo mtu anayeamua kujumlisha Mwanza na Geita nzima anapokosea, kwa sababu anabeba watu wa Kagera na Shinyanga pia.

Kwa hiyo daraja lako la safu mbili halitoshi tena. Liongezee safu ya mwaka msimbo ulipoanza kutumika, mwaka ulipokoma, na msimbo wa mzazi. Busega iwe na mstari wake unaosema imeanza 2012, imetoka Magu. Na Magu iwe na mistari miwili, Magu ya hadi 2012 na Magu ya kuanzia 2012, hata kama namba haikubadilika. Watu hawapendi kuandika mistari miwili yenye namba moja, wanaona ni kurudia. Lakini hayo ni maeneo mawili tofauti.

Afisa_wa_Buchosa (Jumatano, saa 3 usiku)

Mzee naomba unisaidie na la kwangu. Niko Buchosa. Taarifa tunazotuma zinasoma Buchosa na Sengerema mbalimbali, lakini ramani niliyopewa inaonyesha Sengerema moja tu, na kila nikiunganisha Buchosa inapotea. Nimeandika barua tubadilishiwe ramani. Je, Buchosa si wilaya?

Mzee_wa_Sensa (Jumatano, saa 3:20 usiku)

Ndugu yangu, Buchosa ni halmashauri ndani ya Wilaya ya Sengerema. Mkoa wa Mwanza una wilaya 7 na halmashauri 8, na nyinyi ndio tofauti hiyo. Ramani yako haijakosea, ni ya wilaya, na taarifa zako ni za halmashauri. Ukitaka kutumia ramani hiyo, jumlisha Buchosa na Sengerema kwanza. Ukitaka kuonekana peke yako, omba ramani ya halmashauri. Ila kwenye barua taja neno hilo, halmashauri, la sivyo watakutumia ileile.

Na wewe BintiKirumba, hesabu mistari kabla ya kuunganisha. Mwanza ikiwa na mistari 7 ni wilaya, ikiwa na 8 kwa faili la karibuni ni halmashauri. Faili la 2002 nalo lina 8, lakini ya nane pale ni Geita. Idadi inalingana, vilivyomo havilingani.

BintiKirumba (Alhamisi, saa 1 asubuhi)

Nimeelewa, na jedwali la mipaka ya zamani limekaa. Shida ni kwamba mwenye kazi anataka kinyume chake. Anataka namba za 2002 ndani ya mipaka ya sasa, yaani Magu ya 2002 ikatwe, kipande cha Busega kitoke. Inawezekana?

Mchora_Ramani (Alhamisi, saa 3 asubuhi)

Inawezekana. Chukua ramani ya sasa, pima eneo la Magu na eneo la Busega, gawa wale 416,113 kwa uwiano wa eneo. Programu ya ramani inafanya yenyewe.

Mzee_wa_Sensa (Alhamisi, saa 4 asubuhi)

Mchora, kwa wilaya za bara ningekubali shingo upande. Kwa ufukweni hapana. Mipaka yetu mingi inaingia ziwani. Angalia Ukerewe, sehemu kubwa ya eneo lake ni maji, nchi kavu ni kama sehemu moja ya kumi. Ukigawa kwa eneo lote utapeleka watu kwenda kuishi kwenye kina cha maji.

Mchora_Ramani (Alhamisi, saa 4:30 asubuhi)

Nakubali kuhusu maji, hilo unaliondoa kwanza kwa kukata ziwa kwenye ramani. Baada ya hapo uwiano wa nchi kavu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Nami nilishaumia na maji kwa njia nyingine: mialo niliyopimiwa kwa GPS ilikuwa inaangukia nje ya mpaka kwa sababu mstari wa ufukwe kwenye ramani umechorwa kwa kulegea. Ikabidi niitafutie wilaya iliyo karibu badala ya iliyomo ndani.

Mzee_wa_Sensa (Alhamisi, saa 5 asubuhi)

Bado watu hawaishi kwa uwiano wa nchi kavu. Lamadi pale barabarani si sawa na porini.

Binti, mimi ningetumia kata. Matokeo ya 2002 yametolewa hadi ngazi ya kata. Orodhesha kata za Magu ya 2002, weka alama zile ambazo leo ziko Busega, jumlisha. Kikwazo ni kwamba baadhi ya kata nazo zimegawanywa na kupewa majina mapya tangu wakati huo, kwa hiyo kila kata itabidi uitafutie mzazi wake kama tulivyofanya kwa wilaya. Jumla ya pande mbili lazima irudi 416,113 kamili. Isiporudi, kuna kata umeihesabu mara mbili au umeiacha.

Ngosha_Nyegezi (Alhamisi, saa 5:30 asubuhi)

Na kwa kata hapo ndipo majina yatatumika, maana huko namba za 2002 na za sasa ndiyo kabisa hazisomani.

Mzee_wa_Sensa (Alhamisi, saa 6 mchana)

Hapo nakubaliana nawe, Ngosha. Kwa kata za zamani jina na macho ya mtu anayelijua eneo ndivyo vitakavyoamua.

BintiKirumba (Alhamisi, saa 3 usiku)

Nimemwomba mwenye kazi aongeze siku nne, amekubali. Nimechapisha orodha ya kata za Magu za 2002 na nimeanza kuweka alama. Nyingi ziko wazi. Zipo chache za mpakani ambazo sina uhakika zilikatwa au zilihama nzima.

Kuna mwenyeji wa Nyashimo au Kabita humu anayekumbuka kata zilivyokuwa kabla ya 2012? Nitaandika majina hapa kesho asubuhi.